Majibu ya CA-125 au CEA Yamepanda na Huumwi Kitu: Fanya Hivi

Picha wanazonitumia wasomaji zinafanana. Ni karatasi ya maabara iliyopigwa kwa simu, na katikati ya orodha ndefu ya vipimo kuna namba moja yenye herufi H pembeni. Mstari wenyewe unasomeka CA-125, au CEA. Chini ya picha linakuja swali lile lile: "Daktari, nina saratani?"

Anayeuliza kwa kawaida haumwi. Alikwenda kupima afya ya mwili mzima kwa sababu ofisi ililipia, au hospitali ilitangaza punguzo, au jirani amezikwa juzi na hofu ikamwingia. Alitaka kutoka na moyo mweupe, katoka na H.

Jibu langu ni hili: kwa mtu asiye na dalili yoyote, namba hiyo peke yake haisemi kwamba una saratani, na uwezekano mkubwa ni kwamba huna. Hata hivyo usiitupe karatasi. Yapo mambo machache ya kufanya kwa utaratibu, na yapo makosa ambayo yamewagharimu watu akiba zao, na wanawake wengine ovari zao.

## Vipimo hivi vinapima nini hasa

CA-125 ni protini. Inatengenezwa na utando mwembamba unaofunika viungo vya tumboni, ule unaozunguka mapafu na moyo, na ule ulio ndani ya kizazi na mirija yake. Kila mwanamke anayo kwenye damu, na wanaume wanayo pia. Utando huo ukichokozwa na kitu chochote, protini inaongezeka. Saratani ya ovari ni mchokozi mmojawapo tu. Wengine ni hawa:

- hedhi, hasa siku zake za mwanzo
- mimba changa
- fibroidi, yaani uvimbe wa kawaida wa kizazi
- endometriosisi, ile hali inayoleta maumivu makali ya hedhi
- maambukizi ya kizazi na mirija
- maji tumboni au kwenye mapafu, yatokanayo na ini, moyo au kingine chochote
- kifua kikuu cha tumbo

Hicho cha mwisho nakitilia mkazo kwa sababu kwetu Afrika Mashariki kifua kikuu bado kipo kwa wingi. Kikiingia kwenye utando wa tumbo kinajaza maji, kinamkondesha mgonjwa, na CA-125 inaweza kupanda hadi mamia. Picha inafanana na saratani ya ovari iliyoenea, kiasi kwamba kuna wanawake waliopasuliwa wakidhaniwa wana saratani, kumbe walihitaji vidonge vya kifua kikuu vya miezi sita.

CEA nayo ni protini, na kirefu chake ni antijeni ya saratani na kijusi. Iligunduliwa mwaka 1965 huko Montreal na Phil Gold na Samuel Freedman, walioikuta kwenye saratani ya utumbo mpana na kwenye utumbo wa kijusi, lakini si kwenye utumbo wa mtu mzima. Matumaini yalikuwa makubwa: damu kidogo, na saratani ya utumbo inajulikana. Vipimo vilipokuwa makini zaidi ikaonekana kwamba hata watu wazima wenye afya wanayo kidogo. Sigara inaipandisha. Ini ndilo linaloiondoa kwenye damu, kwa hiyo ini likiumwa inabaki juu. Vidonda vya tumbo, homa ya mapafu, kongosho lililovimba, figo zilizochoka, vyote vinaweza kuisogeza.

Kwa hiyo ukimpima mtu asiye na dalili, kipimo kinafanya kazi kama mbwa anayembwekea mwizi, mgeni na muuza maji kwa sauti ile ile. Na ubaya zaidi, kuna usiku mwizi anapita na mbwa kalala: karibu nusu ya saratani za ovari zilizo katika hatua ya kwanza hazipandishi CA-125, na saratani changa za utumbo nyingi haziipandishi CEA.

## Hesabu ya wanawake 10,000

Msomaji mmoja aliniandikia kwa hasira kidogo: "Karatasi inasema asilimia 99 ya wanawake wenye afya wako chini ya 35. Mimi ni 48. Si ina maana nina saratani kwa asilimia 99?" Hapana, na hapa ndipo wengi wanapoteleza, wakiwemo baadhi ya wahudumu wa afya. Twende taratibu.

Chukua wanawake 10,000 waliokoma hedhi, wote hawana dalili. Kwa takwimu za nchi za Magharibi, ambako saratani ya ovari imeenea zaidi kuliko kwetu, karibu mwanamke 1 kati ya 2,500 wa umri huo anaweza kukutwa nayo ndani ya mwaka. Kwenye kundi letu ni wanne.

Pima CA-125 kwa wote. Katika wale wanne, tuseme kipimo kimewakamata watatu, na hapo tumekipendelea. Waliobaki ni 9,996 wasio na saratani. Hata kama ni asilimia 1 tu yao wanaovuka 35, ni wanawake 100 hivi. Sasa mna watu 103 mlangoni kwa daktari, kila mmoja na H yake, na mia wako wazima.

Hiyo ni kwa waliokoma hedhi. Kwa mwanamke wa miaka 30 au 40 hesabu inazidi kuwa mbaya: saratani yenyewe ni adimu zaidi katika umri huo, wakati hedhi, mimba, fibroidi na endometriosisi ziko tele.

Ongeza na hili. Vifurushi vingi vya kupima mwili mzima huweka viashiria vya saratani vinne au vitano kwa pamoja. Kama kikomo cha kila kimoja kimewekwa ili watu 95 kati ya 100 wenye afya wapite, ukipima vitano kwa mpigo, karibu watu 23 kati ya 100 walio wazima wataondoka na angalau H moja. Kifurushi kinauzwa kama utulivu wa moyo. Kwa mtu karibu mmoja kati ya wanne kinaleta kinyume chake.

## "Lakini si bora kujua mapema?"

Swali ni la haki, na limejibiwa kwa majaribio mawili makubwa sana.

La kwanza lilifanyika Uingereza. Wanawake zaidi ya 202,000 wa miaka 50 hadi 74 waligawanywa: wengine wakapimwa CA-125 kila mwaka, wengine wakapigwa ultrasaundi, wengine wakaachwa waendelee kama kawaida. Walifuatiliwa kwa takribani miaka 16. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalisema hivi: kundi la CA-125 liligundulika na saratani nyingi zaidi zikiwa changa, lakini idadi ya waliokufa kwa saratani ya ovari haikupungua. Kujua mapema kulitokea. Kupona zaidi hakukutokea.

La pili lilifanyika Marekani na matokeo yake yalitoka mwaka 2011. Wanawake zaidi ya 78,000, nusu wakipimwa CA-125 na ultrasaundi, nusu hawakupimwa. Vifo havikupungua. Lakini miongoni mwa waliopimwa, 3,285 walipewa majibu ya kutia shaka na baadaye ikaonekana hawana saratani. Katika hao, 1,080 walifanyiwa upasuaji. Na katika waliopasuliwa, 163 walipata angalau madhara makubwa mamoja. Hawa ni wanawake waliokuwa hawaumwi, waliofika wakitembea kwa miguu yao.

Ndiyo maana jopo la kitaifa la Marekani linaloshauri kuhusu uchunguzi wa magonjwa lilisisitiza tena mwaka 2018 kwamba wanawake wasio na dalili wala historia ya kurithi wasipimwe saratani ya ovari kwa njia hii. CEA nayo haishauriwi kutafutia saratani ya utumbo kwa mtu asiyeumwa.

## Umeshapima, na imepanda: hatua kwa hatua

1. Soma karatasi vizuri kabla ya kumpigia mtu simu. Angalia jina la kipimo, namba, kipimio chake (CA-125 husomwa kwa U/mL, CEA kwa ng/mL), kikomo cha maabara hiyo, na tarehe ya kutolewa damu. Kwa CEA, kikomo cha asiyevuta sigara huwa karibu 3 na cha mvutaji karibu 5. Maabara nyingi huchapisha kimoja tu, kwa hiyo mvutaji mwenye 4.2 anaweza kuwekewa H isiyomhusu.

2. Andika wiki ile ulikuwaje. Ulikuwa kwenye hedhi, na ilianza lini? Mimba? Homa, kikohozi, dawa za kifua kikuu, upasuaji wa karibuni? Unavuta sigara, na ngapi kwa siku? Una homa ya ini? Na vidonge vya nywele na kucha: vingi vina bayotini kwa wingi, nayo inaweza kuvuruga baadhi ya mashine za maabara. Mtajie daktari hata kama unaona ni vipodozi tu.

3. Nenda kwa daktari mwenye muda wa kukuuliza na kukushika tumbo. Kwa CA-125, daktari wa wanawake anafaa zaidi. Kwa CEA, daktari wa kawaida wa magonjwa ya ndani anatosha kuanzia. Usianze na fundi wa mashine ya CT. Mwambie daktari kama mama, dada, shangazi au mtoto wa mama mdogo aliwahi kuugua saratani ya titi, ovari au utumbo, na akiwa na umri gani.

4. Rudia kipimo mara moja, kwa masharti. Wiki nne hadi nane baadaye, maabara ile ile. Kwa CA-125 subiri hedhi imalizike kabisa. Kwa CEA subiri uwe umepona homa ya mapafu au chochote kilichokuwa kinakusumbua. Maabara ile ile ni muhimu kwa sababu mashine za kampuni tofauti hutoa namba tofauti kwa damu moja. Ukitoka 41 mjini ukaenda kupata 55 kwingine, huenda kilichobadilika ni mashine.

5. Fanya uchunguzi mmoja unaolenga kiungo. Kwa CA-125 ni ultrasaundi ya nyonga, na ile ya kuingizwa ukeni huona ovari vizuri kuliko ya juu ya tumbo. Kwa CEA ni vipimo vya ini, kipimo cha damu iliyojificha kwenye choo, na picha ya kifua kwa mvutaji. Aliyetimiza miaka 45 au 50 na hajawahi kufanyiwa kolonoskopi, hapo ipo sababu ya kuizungumzia, ingawa sababu yenyewe ni umri zaidi kuliko CEA.

6. Jua pa kusimama. Namba ikishuka, au ikabaki pale pale bila kupanda, na uchunguzi ukawa safi, safari imekwisha. Kurudia kila mwezi "kwa uhakika" ni kununua hofu kwa mkopo.

## Namba moja, hukumu mbili

Nataka uone jinsi daktari wa wanawake anavyoisoma CA-125 mwanamke anapokutwa na uvimbe kwenye ovari. Hasomi namba peke yake. Kuna kanuni iliyotengenezwa London mwaka 1990 na bado inatumika hospitali nyingi:

RMI = U × M × CA-125

U ni alama za ultrasaundi. Daktari anatafuta mambo matano: uvimbe wenye vyumba vingi, sehemu ngumu ndani yake, uvimbe wa pande zote mbili, maji tumboni, na dalili za kusambaa. Hakuna hata moja, U ni 0. Ikionekana moja, U ni 1. Mbili au zaidi, U ni 3. M ni hedhi: bado unaipata, M ni 1, umekoma, M ni 3. Jumla ikizidi 200, kwa kawaida mgonjwa hupelekwa kwa mtaalamu wa saratani za wanawake.

Sasa tuchukue mfano wa wanawake wawili, wote CA-125 ni 62.

Wa kwanza ana miaka 38. Damu ilitolewa siku ya pili ya hedhi, na ana fibroidi tangu alipojifungua mtoto wa pili. Ultrasaundi inaonyesha fibroidi mbili, na ovari ya kulia ina kifuko chepesi cha maji, chumba kimoja, hakuna kitu kigumu ndani. U ni 0. Zidisha: 0 × 1 × 62 = 0. Hata CA-125 yake ingekuwa 300 jibu lingekuwa sifuri, kwa sababu picha haina kitu cha kutisha. Anarudia kipimo baada ya wiki sita hedhi ikiwa imeisha, anapata 29. Anaendelea na daktari wake kwa ajili ya fibroidi, basi.

Wa pili ana miaka 61, hedhi ilikoma zamani. Ultrasaundi inaonyesha uvimbe wenye vyumba vingi na sehemu ngumu ndani. U ni 3, M ni 3. Zidisha: 3 × 3 × 62 = 558. Huyu hasubiri wiki sita. Anapewa rufaa wiki hiyo hiyo.

Damu zao zimesema kitu kimoja. Umri na picha ndivyo vimewatenganisha. Ukitumiwa namba peke yake kwa simu ukaombwa hukumu, kama ninavyoombwa mimi kila siku, huwezi kujua unazungumza na yupi kati ya hawa wawili.

## Mvutaji sigara mwenye CEA ya 6.8

Kwa CEA hatuna kanuni nzuri kama hiyo, lakini ukubwa wa namba una maana yake. Sababu zisizo saratani mara chache huipeleka juu ya 10. Mwanamume wa miaka 47 anayevuta pakiti kwa siku na kupata 6.8 yuko kwenye eneo ambalo sigara yenyewe inatosha kuleta. Anapimwa ini, choo, picha ya kifua, na anarudia baada ya wiki chache. Ikirudi 6.5, haijapanda. Kinachopaswa kumwogopesha katika karatasi ile ni pakiti ya sigara, ambayo haikuandikwa popote.

Angekuwa na 25, au angetoka 6.8 akaenda 11 kisha 19, mazungumzo yangebadilika kabisa na angetafutwa chanzo kwa kolonoskopi na picha za tumbo. Mwelekeo wa kupanda mfululizo una uzito kuliko H moja.

## Makosa ninayoyaona mara kwa mara

- Kukimbilia CT ya mwili mzima. Ni mionzi, ni hela nyingi, na karibu kila mwili wa mtu mzima una kitu kidogo kisicho na madhara: kifuko kwenye figo, doa kwenye ini. Kila doa linaleta kipimo kingine.
- Kukubali kutolewa ovari "kwa usalama". Kama ultrasaundi haionyeshi uvimbe wa kutia shaka, na hakuna aliyezungumzia kurithi, uliza: tunatoa kwa sababu gani? Omba maoni ya daktari wa pili kabla ya kusaini.
- Kununua dawa ya kushusha namba. Zipo chai, zipo unga, zipo matone. CA-125 ya hedhi itashuka yenyewe hedhi ikiisha, na muuza chai atachukua sifa. Baadhi ya mitishamba inaumiza ini, na ini likiumia CEA inaweza kupanda.
- Kuwapima ndugu wote. Ukipata H, usiwapeleke dada zako wanne wakapimwe CA-125. Mnaweza kujikuta na H nyingine isiyo na maana.
- Kujidanganya na majibu mazuri. Hili ndilo kosa hatari kuliko yote, kwa hiyo linahitaji sehemu yake.

## Majibu mazuri hayafuti dalili

Kama nilivyosema, saratani changa nyingi hazipandishi namba hizi. Mtu anayetoa damu kwenye choo kisha akaambiwa "CEA yako ni 1.8, huna shida" amedanganywa, hata kama aliyesema hivyo alikuwa na nia njema. Nenda hospitali bila kujali karatasi inasema nini, ukiona:

- damu kwenye choo, au choo kilichobadilika utaratibu kwa wiki kadhaa
- tumbo kujaa karibu kila siku, kushiba haraka, maumivu ya nyonga yasiyoisha, hasa ukiwa umepita miaka 50
- kupungua uzito bila kujinyima chakula
- damu ukeni baada ya hedhi kukoma
- upungufu wa damu usio na maelezo, kwa mwanamume au kwa mwanamke aliyekoma hedhi

Mtu mwenye dalili akipimwa CA-125 hali ni tofauti, kwa sababu hapo daktari ana sababu ya kushuku na kipimo kinaongeza kitu juu ya alichokiona. Makala haya hayamhusu yeye.

## Mbona mama yangu anapimwa CEA kila baada ya miezi mitatu?

Kwa sababu mama yako alishaugua. Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana hupimwa CEA kila miezi mitatu hadi sita kwa miaka ya mwanzo, kwani namba iliyokuwa imeshuka ikianza kupanda tena inaweza kutangulia dalili za kurudi kwa ugonjwa. Vivyo hivyo CA-125 hutumika kufuatilia kama dawa za saratani ya ovari zinafanya kazi. Hapo tunamlinganisha mgonjwa na namba zake mwenyewe za jana, si na kikomo kilichochapishwa kwa ajili ya watu wote. Kazi hiyo vipimo hivi vinaiweza. Kwa hiyo usimlaumu daktari wa mama kwa kupima, wala usichukue ratiba yake ukaifanya yako.

Kama familia yenu ina saratani za titi au ovari kwa ndugu wawili watatu wa damu, au mmoja aliyeugua akiwa kijana, hilo ni jambo jingine tena. Unahitaji kuzungumza na daktari wa saratani kuhusu kurithi. Nchini Tanzania unaweza kuanzia Taasisi ya Saratani Ocean Road, au kliniki ya saratani ya Bugando au KCMC kama uko karibu nako. CA-125 ya kwenye kifurushi haijibu swali la kurithi.

## Hela hiyo hiyo, itumie hapa

Ukiwa unachagua kifurushi, au ofisi inakuuliza mpimwe nini mwaka huu, omba CEA, CA-125 na wenzao viondolewe. Waambie fedha hiyo iende kwenye vipimo ambavyo vimeonyesha kupunguza vifo kwa watu wasio na dalili. Kwa wanawake, cha kwanza ni mlango wa kizazi, kwa kipimo cha virusi vya HPV au kwa kupaka siki na kuangalia, kuanzia miaka 30. Saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na mabadiliko yake huonekana miaka mingi kabla hayajawa saratani. Kwa waliofika umri wa miaka 45 au 50, wake kwa waume, ni kipimo cha damu iliyojificha kwenye choo, na matiti kwa mamogramu kwa wanawake ambao huduma hiyo wanaifikia. Tezi dume na PSA yake ni mjadala wa peke yake, na nitauandikia siku nyingine.

Kama una karatasi yenye H mkononi leo, anza na tarehe ya kutolewa damu, uilinganishe na tarehe ya hedhi yako ya mwezi ule, kisha uweke miadi na daktari. Na siku ya miadi, nenda na karatasi zote za zamani ulizonazo, hata zile ulizoambiwa ni za kawaida.